Hema Tumechoka Nalo, Tupeni Paa

Kila Mto Tana ukivunja kingo, sinema ni ile ile. Lori linashusha mahema, mheshimiwa anapigwa picha, basi. Watu wa Garissa na Tana River waliiona mwisho wa 2023, wakaiona tena Aprili na Mei 2024. Sasa jamani, hema la familia hutengenezwa lidumu mwaka mmoja hivi. Jua letu likishalitafuna, familia inarudi pale pale ilipoanzia na pesa imeshaliwa.

Tunachodai ni makao ya mpito: nguzo na paa vinabaki, kuta zinabadilika. Kipimo cha kimataifa ni mita 3.5 za mraba kwa kila mtu, kwa hivyo familia ya watu sita inatoshwa na nyumba ya mita 6 kwa 3.5. Chimbia nguzo tisa, sentimita 60 chini, na sehemu inayoingia ardhini ipakwe oili chafu kwa sababu ya mchwa. Inua sakafu kwa udongo ulioshindiliwa. Mabati juu, turubai pembeni. Mafundi wachache wanamaliza kwa siku chache.

Baadaye, mwenyewe anasuka ukuta kwa fito za mathenge (angalau ule mti utufae kwa kitu), anakandika udongo, turubai linatoka. Paa haliguswi.

Lakini hapa ndipo tunachezewa. Wanaleta nguzo nyembamba kama kifundo cha mkono. Siku ya picha zinabeba turubai vizuri. Ukikandika udongo tu, nyumba inaanza kulala upande, kwa sababu haikupimwa kwa uzito wa ukuta. Kabla hujapokea, sukuma nguzo ya kona kwa bega. Ikiyumba, hakuna mbao za mshazari. Tazama pia juu: kama paa limeshikwa na misumari peke yake, bila waya au mkanda wa chuma hadi kwenye nguzo, upepo utaling'oa.

Serikali nayo inaogopa chochote kinachoonekana cha kudumu. Ifo 2 kule Dadaab, ujenzi wa nyumba za tofali za udongo ulisimamishwa kwa hofu hiyo. Ukame wa 2011 ukaja, maelfu ya Wasomali wakajibanza nje ya kambi kwenye vibanda vya fito na matambara, huku Ifo 2 ikiwa tupu. Ni Julai ndipo Waziri Mkuu Raila Odinga alipotangaza ifunguliwe.

Hofu hiyo ina dawa. Nguzo na mabati vikifungwa kwa nati na skrubu, familia inafungua kila kitu na kuhama nacho. Isichoweza kutatua nyumba hii ni ardhi: ukiijenga kwenye bonde lile lile la mafuriko, maji yataibeba. Kwa hivyo kwenye baraza lijalo, muulizeni chifu maswali mawili: kiwanja kiko wapi, na nguzo zina unene gani?