Hasara ya Fuwele Isifichwe

Katika shule nyingi za sekondari za juu na vyuo vya ualimu, zoezi la kusafisha kemikali kwa njia ya fuwele huishia katika taarifa ya mistari miwili: fuwele nyeupe zimepatikana, nazo zimeyeyuka kwa nyuzi 122. Taarifa ya namna hiyo haithibitishi kitu. Weupe si usafi, na namba moja ya joto haionyeshi kuyeyuka kulianza wapi na kuliishia wapi. Tena, taarifa hiyo haineni lolote juu ya kemikali iliyopungua, ilhali upungufu huo ndio unaoeleza jinsi kazi ilivyofanyika.

Na ichukuliwe asidi ya benzoiki, ambayo hutumika pia kuhifadhi vyakula. Lita moja ya maji yanayochemka humumunyisha zaidi ya gramu 50 za asidi hii. Kwa nyuzi 25 za Sentigredi lita hiyo hushika gramu 3.4 tu. Kwa hiyo maji ya moto yakichujwa kisha yakapoa polepole, asidi hujitenga kama fuwele, na takataka zilizomumunyuka hubaki majini.

Tuseme mwanafunzi ameanza na gramu 2.0 za asidi chafu, akatumia mililita 80 za maji, akapoza hadi nyuzi 25, akapata gramu 1.56 za fuwele kavu, yaani asilimia 78. Gramu 0.44 zimekwenda wapi? Mililita 80 zikizidishwa kwa gramu 3.4 kwa lita huwa gramu 0.27. Kiasi hicho hakikumwagika. Kimebaki ndani ya maji kwa mujibu wa maumbile yake. Gramu 0.17 zilizosalia ni takataka zenyewe, pamoja na fuwele zilizoganda katika karatasi ya chujio na kwenye kuta za chupa. Karatasi ikikaushwa na kupimwa, sehemu hiyo nayo itajulikana. Kama angetumia mililita 200, gramu 0.68 zingebaki majini. Hapo kosa lingekuwa la wingi wa maji, wala si la bahati mbaya.

Hesabu hiyo hiyo humfichua anayejisifu. Kwa mililita 80 na nyuzi 25, haitazamiwi kupatikana zaidi ya gramu 1.73. Anayeandika gramu 1.9 yamkini amepima maji pamoja na asidi. Kipimo cha kuyeyuka kitamsaidia kujua, kwa kuwa fuwele mbichi huanza kulegea mapema na huchelewa kumalizika.

Ndiyo sababu hapana budi kuandika joto mbili: lile la tone la kwanza na lile la punje ya mwisho. Takataka huvuruga mpango wa chembe ndani ya fuwele, hivyo huteremsha joto la kuyeyuka na kupanua masafa yake. Asidi iliyoyeyuka kati ya nyuzi 114 na 119 kabla ya kusafishwa, na kati ya 121 na 122 baadaye, imetoa ushahidi wa kweli, mradi joto lilipandishwa nyuzi moja au mbili tu kwa dakika.

Wanafunzi wa Tarakea, katika miteremko ya Kilimanjaro, wana jambo moja zaidi la kuangalia. Mahali hapo ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwa kiasi cha nyuzi 95 au chini kidogo. Atakayetumbukiza kipimajoto katika maji yanayochemka, akadhani kina upungufu wa nyuzi tano, ataongeza tano hizo na kuandika 126 hadi 127; asidi yake safi itaonekana kuwa kitu kingine. Kuyeyuka, tofauti na kuchemka, hakubadiliki kwa kiasi cha kuonekana kwa sababu ya mwinuko. Yafaa basi kipimajoto kihakikiwe kwa barafu inayoyeyuka na kwa kemikali safi inayojulikana.

Hata masafa membamba yana mpaka wake. Asidi ya sinamiki na yurea zote huyeyuka karibu na nyuzi 133. Namba pekee haiwezi kuzitenganisha, lakini mchanganyiko wake huyeyuka chini zaidi. Anayetaka kujua kemikali yake ni ipi aichanganye na sampuli halisi. Joto lisiposhuka, ni ile ile.

Walimu wanaotoa alama kwa wingi wa fuwele peke yake huwafundisha wanafunzi kupima maji. Alama zitolewe kwa masafa yaliyoandikwa kabla na baada, na kwa hasara iliyohesabiwa gramu kwa gramu. Asilimia 78 iliyoelezwa ina thamani kuliko 95 isiyoelezeka.