Daftari la maneno: panga kwa ukoo wa neno, si kwa A mpaka Z

Jioni moja mtaa wa Malindi, Mji Mkongwe, mtoto wa miaka kumi alimfuata bibi yake ameshika tumbo. "Bibi, nimeumia tumbo." Bibi akashtuka, akamfunua nguo kutafuta jeraha, akauliza nani kampiga. Kumbe mtoto hakupigwa wala hakuanguka. Tumbo lilikuwa likimsokota tangu asubuhi.

Mtoto huyo amekulia Maskati, na Kiarabu chake ni kizuri kuliko Kiswahili. Tangu arudi Unguja ana daftari la maneno mapya lenye kurasa za A mpaka Z. Mama yake mdogo alipolifungua usiku ule aliona tatizo. "Kuumwa" lilikuwa ukurasa wa K, "maumivu" ukurasa wa M, na "umia" ukurasa wa U. Yote matatu yalikuwa na maana moja pembeni kwa Kiarabu: maumivu. Mtoto alichukua lililomjia kwanza.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoukataa mpango wa alfabeti. Maneno yetu hubadilika mwanzoni. Soma, msomaji, kisomo, usomaji na masomo ni ndugu, lakini kwa alfabeti yanatawanyika kurasa nne. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliweka maneno mengi yaliyozaliwa na kitenzi chini ya kitenzi chenyewe. Kamusi nyingi za Kiarabu nazo hufuata mzizi, kwa hiyo mpango huu hautakuwa mgeni kwa mtoto aliyesoma Kiarabu.

Mama mdogo alianza daftari jipya. Kila mada ilipewa kurasa mbili zinazotazamana. Ya kwanza ilikuwa "Siku ninayoumwa". Kushoto waliandika maneno ya tukio hilo kama linavyotokea nyumbani: homa, kutapika, kuharisha, kulala, dawa, daktari. Kulia waliandika ukoo wa neno moja, kila neno na sentensi yake:

Uma: Tumbo linaniuma.
Umwa: Naumwa na tumbo tangu asubuhi.
Umia: Nimeanguka ngazini, nimeumia goti.
Umiza: Usinivute mkono, utaniumiza.
Maumivu: Maumivu yamepungua.

Sentensi ndizo zinazotenganisha ndugu hawa. Anayeumia amepatwa na jambo: ameanguka, amejigonga au amekatwa. Anayeumwa huenda hana hata alama mwilini. Na mtoto akisema "ninauma" amesema yeye ndiye anayeng'ata.

Mzazi atakayejaribu nyumbani aangalie mambo mawili. La kwanza ni kurundika maneno yanayofanana siku moja. Mwaka 1993 mtafiti Thomas Tinkham alichapisha majaribio yaliyoonyesha kuwa wanaojifunza lugha huchelewa kushika maneno mapya ya kundi moja, kama vile nguo tupu, yakifundishwa pamoja. Kwa hiyo usimwandikie mtoto viungo ishirini vya mwili kwa mkupuo, wala "umwa" na "umia" siku moja. Mpe moja, asubiri mpaka alitumie bila kufikiri, halafu mlete ndugu yake kwenye ukurasa uleule. Mada iwe tukio, si orodha ya vitu vya aina moja. Dalili ya kuwa umezidisha ni mtoto kuanza kubadilishana maneno aliyokwisha kuyajua.

La pili ni undugu wa uongo. "Umma" lina sura ya "uma", lakini limetoka Kiarabu na maana yake ni watu wote. "Mvuvi" ni wa ukoo wa kuvua samaki, wala si ndugu wa kuvua nguo, ingawa kitenzi kinaandikwa vilevile. Kabla ya kuliingiza neno kwenye ukoo, muulize mtoto linakutana wapi na mzizi kwa maana. Akikosa jibu, tazameni kamusi, au liacheni pembeni kwa penseli.

Alfabeti haikutupwa kabisa. Kurasa nne za mwisho wa daftari zilibaki na A mpaka Z, lakini humo hamna maana, mna neno na namba ya ukurasa tu. Mtoto akitafuta "maumivu" anaenda M, anapata ukurasa wa 2, na akifika huko anakuta ukoo mzima.

Kila Ijumaa mama mdogo hufunika sentensi kwa karatasi, akabakisha maneno, na mtoto hutunga sentensi zake mwenyewe. Neno lisilopata sentensi hutiwa nukta na kurudiwa wiki inayofuata.

"Umia" lilitiwa nukta mara mbili. Mara ya tatu mtoto aliingia kutoka skuli anachechemea. "Bibi, nimeumia mguu." Safari hii bibi aliinama akatazama, na jeraha alilikuta.