Anayeiandikia KRA barua ya deni aombe muda, wala asiombe huruma

DAWA ya deni ni kulipa, walinena wahenga. Hawakutuambia, hata hivyo, afanyeje mdaiwa ambaye dawa anaijua lakini siku ya kuinywa imefika mfukoni mna senti chache. Hilo ndilo swali linalowakabili wafanyabiashara wengi ambao mwaka umewaendea mrama, na anayewadai ni Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA.

Wengi wao huchagua kunyamaza. Huzima simu, huacha kufungua barua pepe na hata huacha kuwasilisha ripoti za ushuru kila mwezi wakidhani kwamba asiyeonekana hadaiwi. Kumbe sheria imewawekea mlango. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 kinamruhusu mlipaushuru kumwandikia Kamishna na kuomba aongezewe muda wa kulipa. Kamishna akiridhika kwamba sababu ni ya haki, anaweza kukubali na kuagiza deni lilipwe kwa awamu. Anatakiwa kumjibu mwombaji kwa maandishi katika muda wa siku 30.

Mlango upo, ila barua nyingi hugonga ukuta. Husimulia masaibu kwa kurasa mbili, hutaja karo, ugonjwa na bei ya mafuta, kisha humalizia kwa ombi la "kufikiriwa". Afisa anayeisoma hana la kufanya nayo. Sheria haimpi uwezo wa kupima uchungu wa mtu. Humpa uwezo wa kupima sababu na mpango.

Kwanza ni vyema tuulize: mtu aliyepata hasara anadaiwaje ushuru? Ushuru wa mapato hutozwa faida. Pasipo faida, kwa kawaida haupo. Ndiyo maana barua inayosema tu kwamba "biashara ilikuwa mbaya" humshangaza afisa. Deni la mwaka mbaya kwa kawaida hutoka kwingine. Laweza kuwa la faida ya mwaka uliotangulia, ambayo ushuru wake umefika wakati pesa zimekwisha. Laweza kuwa ushuru uliokatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi, au ushuru wa ziada ya thamani, yaani VAT.

Huu wa mwisho ndio huwanasa wengi. VAT haisubiri mteja alipe. Mara tu bidhaa zinapokabidhiwa au ankara inapotolewa, ushuru umekwisha kuzaliwa, na wafaa kulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Siku hizi ankara hupitia mfumo wa eTIMS, hivyo KRA huiona mauzo hayo hata kabla muuzaji hajaona shilingi.

Natuchukue mfano wa kubuni wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru. Desemba 2024 alimuuzia mwanakandarasi saruji, mabati na nondo za Sh5 milioni kwa mkopo. VAT ya asilimia 16 kwa mauzo hayo ni Sh800,000. Yeye mwenyewe alikuwa amenunua bidhaa hizo kwa Sh3.5 milioni na kuwalipa wauzaji wake VAT ya Sh560,000, ambayo anaruhusiwa kuiondoa. Akabaki kudaiwa Sh240,000 kufikia Januari 20, 2025. Aliwasilisha ripoti yake kwa wakati, lakini mwanakandarasi hakulipa. Mwaka mzima ukapita.

Miezi 12 baadaye deni halikuwa tena Sh240,000. Kuna faini ya kuchelewa kulipa ya asilimia tano, yaani Sh12,000. Kuna riba ya asilimia moja kwa kila mwezi, Sh2,400, ambayo kwa mwaka ni Sh28,800. Jumla ni Sh280,800. Riba hii haizai riba nyingine, wala haiwezi kuzidi kodi yenyewe, lakini haikomi kwa sababu mtu ameandika barua. Hata Kamishna akikubali ombi, riba huendelea kuhesabiwa tangu siku ya kwanza ya deni. Muda anaopewa mdaiwa huuzwa, hautolewi bure.

Je, asiombe basi asamehewe faini na riba? Hapa pana mtego kwa wanaoiga barua za zamani. Sheria ya Fedha ya 2023 iliondoa utaratibu wa kawaida wa Kamishna kusamehe adhabu hizo kwa maombi ya mtu mmoja mmoja. Badala yake ukaja msamaha wa jumla kwa madeni ya miaka iliyopita, ambao baada ya kuongezewa muda ulifungwa Juni 30, 2025. Tena haukugusa deni la mwenye duka wetu, kwa kuwa ulihusu madeni ya hadi Desemba 31, 2023. Anayejenga barua yake juu ya msamaha anajenga juu ya mchanga. Aombe kinachoweza kutolewa, nacho ni muda.

Kazi ya kwanza kabla ya kushika kalamu ni kuingia kwenye iTax na kuilinganisha leja ya KRA na vitabu vya duka. Malipo yaliyokwisha kufanywa huweza kuwa yameandikwa chini ya mwezi usio wake. Ikiwa sehemu ya deni si halali, hilo si suala la awamu bali la pingamizi, ambalo lina siku zake 30 tangu makadirio yatolewe. Hayo mawili huenda pamoja: anayepinga sehemu moja hutakiwa awe amelipa sehemu asiyoipinga, au awe ameiombea muda. Mwenye kuomba awamu kwa deni lote amelikiri lote.

Kazi ya pili ni kujua duka linaweza kubeba mzigo gani. Tuseme duka letu sasa huuza bidhaa za Sh900,000 kwa mwezi, bila kuhesabu VAT, na kuzinunua kwa Sh720,000. Linabaki na Sh180,000. Kodi ya nyumba, mishahara, usafiri na umeme ni Sh125,000. Mwenyewe hutoa Sh20,000 za nyumbani. Zinasalia Sh35,000.

Hapa ndipo woga humponza mtu. Ili amfurahishe afisa, anaahidi Sh35,000 zote. Mwezi wa tatu mvua inaharibu barabara, mauzo yanashuka, awamu inakosekana. Sheria ni kali kwa hilo: awamu moja isipolipwa, salio lote hudaiwa papo hapo. Heri aahidi Sh20,000 na kuzilipa kila mwezi bila kukosa. Sh15,000 zinazobaki si za anasa. Ndizo kinga ya mpango.

Barua yenyewe basi yaweza kuwa fupi, mathalani hivi:

"Kwa Kamishna. Kuhusu ombi la kuongezewa muda wa kulipa ushuru chini ya Kifungu cha 33. Nambari yangu ya PIN imeandikwa hapo juu. Nakiri kudaiwa VAT ya Desemba 2024, Sh240,000, pamoja na faini ya Sh12,000 na riba ya Sh28,800 kufikia leo. Deni lilitokana na mauzo ya Sh5 milioni kwa mteja ambaye hajalipa hadi sasa. Nimeambatisha ankara, barua za kumdai na taarifa za benki za miezi 12. Ripoti zangu zote zimewasilishwa na ushuru wa kila mwezi uliofuata umelipwa. Ninalipa Sh40,000 wiki hii. Naomba kulipa salio kwa Sh20,000 kufikia tarehe tano ya kila mwezi hadi deni liishe, kama jedwali linavyoonyesha. Mteja wangu akilipa, nitamaliza salio mara moja."

Yatazame mambo yaliyomo. Deni limekiriwa kwa tarakimu zilezile zilizo katika leja. Sababu ni moja, nayo ina ushahidi. Ushuru wa sasa unalipwa, na hili ndilo jambo la kwanza ambalo afisa makini hulichunguza, kwani hakuna faida ya kumpa mtu awamu za deni la jana huku akilimbikiza la leo. Na pana malipo ya mwanzo, ambayo huipa barua uzito kuliko maneno ya unyenyekevu. Wala asione haya kuiandika kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua kuwa lugha rasmi.

Jedwali nalo si gumu. Malipo pungufu hupunguza kwanza kodi yenyewe, kisha faini, ndipo riba. Zile Sh40,000 zinaishusha kodi hadi Sh200,000, na awamu 10 za Sh20,000 zinaimaliza. Riba ya kipindi hicho hupungua kila mwezi, kutoka Sh2,000 hadi Sh200, na jumla yake ni Sh11,000. Ukijumlisha na faini na riba ya zamani unapata Sh51,800, ambazo ni awamu mbili kamili na ya mwisho ya Sh11,800. Deni limeisha kwa miezi 13. Angekaa kimya kwa miezi hiyo, riba mpya pekee ingekuwa Sh31,200, na kodi ingali palepale.

Lakini riba si adhabu kuu ya ukimya. KRA ina uwezo wa kuiandikia benki ya mdaiwa, au hata wateja wake, na kuwaagiza wampelekee pesa zake. Duka ambalo akaunti yake imefungwa haliwezi kununua saruji, na lisilonunua haliuzi. Kwa upande mwingine, aliye na mpango uliokubaliwa anaweza kupewa cheti cha kuthibitisha ulipaji ushuru, ambacho bila hicho zabuni za serikali humpita.

Barua ikishapelekwa, mwombaji ahifadhi uthibitisho kwamba imepokewa, na asichukulie kimya kuwa kibali. Aanze kulipa kama alivyopendekeza huku akifuatilia jibu la maandishi. Afisa aweza kutaka muda mfupi zaidi. Hapo ndipo hesabu ya zile Sh35,000 itakapomsaidia kujua atakubali lipi na atakataa lipi.

Barua hii haitamrejeshea mwenye duka pesa zake zilizo kwa mwanakandarasi. Hilo ni kosa la mfumo unaomdai muuzaji kodi ya pesa asizozipokea, na wabunge wangefaa kulitazama upya. Hadi watakapofanya hivyo, atakayeokoa duka lake ni yule anayeandika mapema, kabla benki haijapokea ilani, na kuahidi kile tu anachoweza kukilipa.