Mikono Tuiache Wapi? Hoja Juu ya Wimbo wa Makofi

Sisi watunzi tuliolelewa na mizani tuna ugonjwa mmoja: tukisikia wimbo wa watoto, vidole huanza kuhesabu silabi. Mstari mmoja ukizidi mwingine kwa silabi moja, tunatikisa kichwa na kusema kwamba wimbo haujakamilika. Kisha tunaongeza mafunzo mwishoni, kwa kuwa tunaamini kwamba utungo usio na funzo ni upuuzi. Nakusudia kudai hapa kwamba makosa haya mawili ni kosa moja, na kwamba wanaolijua zaidi kuliko sisi ni wasichana wawili wanaosimama uso kwa uso kwenye uwanja wa skuli, viganja mbele. Nadai hivyo kwa sababu kosa hilo nimelifanya mwenyewe.

Niliombwa na binti wa dada yangu, anayekaa Mkunazini hapa Mji Mkongwe, nimtungie wimbo mpya wa kupigana makofi yeye na rafiki yake. Wimbo waliokuwa nao ulikuwa umechoka. Kila mtu skulini aliujua. Nikakaa jioni moja nikaandika beti hili:

Paka kapata kapu la papa,
Papa kapita, kapu lakatwa,
Paka kapiga pua kwa pipa,
Wizi wa paka una hasara.

Nilijiona mjuzi. Kila mstari una mizani kumi, bila kuzidi wala kupungua. Kina cha mwisho nilikiacha makusudi, kwani katika wimbo wa namna hii kazi ya kina hufanywa na takriri ya p na k inayojirudia kila pahali. Na mstari wa nne ulibeba maadili, ili mwalimu akisikia asiwe na la kusema.

Wasichana waliujaribu barazani mbele yangu. Makofi yao yalikwenda kwa mpango wa mapigo manne: la kwanza kila mmoja anapiga viganja vyake mwenyewe, la pili mkono wa kulia kwa wa kulia, la tatu viganja vyake tena, la nne kushoto kwa kushoto. Walikwenda vizuri mistari yote minne, wakarudia, wakarudia tena, kisha wakasimama wakinitazama.

"Mjomba," akasema mdogo, "wimbo wako hauishi."

Nikamwambia unaisha kwenye hasara.

"Na mikono tuiache wapi?"

Sikuwa na jibu. Siku ya pili nilipopita, niliwakuta wamekwisha kuutengeneza bila kuniuliza. Walikuwa wakiimba hivi:

Paka kapata kapu la papa,
Papa kapita, kapu lapasuka,
Paka kapiga pua kwa pipa,
Paka akalia: kokoriko!

Wamebadili pahali pawili tu. Nitapaeleza kimoja kimoja, kwa sababu ndimo ilimo sheria ya tungo hizi.

Kwanza ule mstari wa pili. Mimi niliandika "lakatwa", wao wakaweka "lapasuka". Kwa mizani wameharibu: mstari sasa una silabi kumi na moja, na wenziwe wana kumi. Lakini usihesabu silabi, hesabu mapigo. Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na kofi huangukia hapo hapo kwenye mkazo. Mstari wa kwanza una mikazo minne: PA-ka ka-PA-ta KA-pu la PA-pa. Kofi nne, mikazo minne. Ukigawa silabi kwa kila kofi, utapata tatu, mbili, tatu, mbili. Mstari wao wa pili nao una mikazo minne: PA-pa ka-PI-ta KA-pu la-pa-SU-ka. Mgao wake ni tatu, mbili, nne, mbili. Makofi hayakuongezeka hata moja. Kilichoongezeka ni silabi moja inayobanwa ndani ya kofi la tatu, nayo inaulazimisha ulimi kukimbia ilhali mikono inakwenda mwendo ule ule.

Hapo ndipo ilipo raha ya mchezo. Katika beti langu mistari yote ilikuwa na mgao mmoja, na kwa hiyo ulimi ulilala. Wao walihitaji pahali pa mbio kabla ya kurudi mwendo wa kawaida, na neno "lapasuka" liliwapa mbio hizo pamoja na "pa" nyingine ya kuchezea midomo. Sheikh Amri Abedi alipotuandikia *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954 alitupa kipimo kinachofaa shairi, na mimi bado nakifuata nikitunga shairi. Lakini wimbo wa makofi hupimwa kwa pigo. Silabi ndani ya pigo zinaweza kujaa au kupungua, mradi mkazo ufike na kiganja.

Sauti zenyewe nazo hazikuchaguliwa ovyo. Sauti p hutamkwa kwa midomo, k kwa nyuma ya ulimi. Kinywa kinapobadilishana hizo mbili, kiungo kimoja hupumzika wakati kingine kinafanya kazi, na ndiyo maana mtoto anaweza kwenda kasi mno bila kukwama. Kitanza ndimi hufanya kinyume: huweka pamoja sauti zinazokaribiana, kama s na sh, ili ulimi ukosee njia. Wimbo wa makofi hautaki kumkwamisha mtu kila mstari, maana mchezo usingeendelea. Hutaka ulimi uwe karibu na kukwama, akili yote iende kinywani, mikono isahaulike. Na ukitaka kujua kwamba kasi imefika ukomo, sikiliza "kapu la papa": likianza kutoka "papu la kapa", basi wapunguze mwendo.

Hayo hayana maana kwamba mizani ni kitu cha vitabuni tu. Nilipowaambia wamwondoe paka waweke mbwa, waliimba "Mbwa kapata kapu la papa", na kofi la kwanza likaanguka juu ya m, si juu ya bwa. Walibana midomo wakaipiga m peke yake, ikavuma, kisha ndipo "bwa" ikafuata. Hakuna aliyewafundisha kwamba m ya "mbwa" ni silabi kamili, wala kwamba ndiyo inayobeba mkazo wa neno. Nimewahi kukaa na watu wazima wakibishana juu ya m hiyo hiyo kwa muda mrefu. Viganja vya wasichana wale viliamua kwa kofi moja.

Sasa tuje kwenye mwisho, ambao ndio hasa uliowafanya waulize waiache wapi mikono. Mstari wangu, "Wizi wa paka una hasara", ulikuwa na mapigo manne kamili: WI-zi wa PA-ka U-na ha-SA-ra. Kosa lake ni huo ukamilifu. Pigo la nne likijaa, mikono imefika kushoto kwa kushoto, na kinachofuata kwa mazoea ni viganja vyako mwenyewe, yaani mwanzo wa mstari mwingine. Wimbo unazunguka kama pangaboi. Maana ilikuwa imekwisha, lakini mwili haukupata habari.

Tazama walichofanya wao. "Paka akalia: kokoriko" una mizani kumi, sawa kabisa na mstari wangu. Lakini mikazo yake ni mitatu: PA-ka a-ka-LI-a ko-ko-RI-ko. Mgao ni nne, nne, mbili, kisha pigo la nne ni tupu. Silabi nane zimesukumwa ndani ya makofi mawili, ulimi unakwenda mbio kuliko pahali pengine popote, "riko" inatua kwenye kofi la tatu, halafu kimya. Katika kimya hicho kila mmoja hutakiwa kuficha mikono nyuma. Ambaye mkono wake wa kushoto umetangulia kwa mazoea na kukuta hewa, ameshindwa. Na anayecheka naye ameshindwa.

Ndiyo maana mwisho lazima uwe wa kipuuzi. Paka anayewika hakuwekwa kwa sababu watoto hawana akili ya kutafuta neno bora. Amewekwa ili kumchekesha mwenzako katika nukta ile ile ambapo anatakiwa kuukumbuka mkono wake. Upuuzi ni mtego, na pigo tupu ni shimo lake. Funzo haliwezi kufanya kazi hiyo, kwani likifika mtoto hutulia na kukubali, kama anavyokubali akiambiwa anawe mikono. Hakuna anayesahau mkono wake kwa sababu ya kuambiwa kwamba wizi una hasara.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa wenzangu. Wa kwanza ni wale wanaokusanya nyimbo hizi na kuziandika. Wengi wetu tunaandika maneno, tunaacha mikono. Maneno matupu ya beti lile ukiyasoma kitandani utaona mstari wa pili umezidi na wa nne hauna maana, na utashawishika kuurekebisha. Weka alama chini ya kila silabi inayopokea kofi, na uweke alama nyingine, hata kistari tu, pahali ambapo kofi halipigwi. Bila kistari hicho umeandika wimbo ambao haujulikani unavyoshindwa.

Wa pili ni wale wanaotayarisha watoto kwa maonyesho ya skuli. Nimeona nyimbo za makofi zikipandishwa jukwaani zimefungwa mkia wa usafi, au elimu, au utii. Watoto huimba, wazazi hupiga makofi, na kesho yake kwenye mapumziko hakuna anayeuimba. Kama funzo linatakiwa, litungiwe utenzi. Utenzi una nafasi na subira ya kulibeba. Mwisho wa wimbo wa makofi uachwe kwa wanaoupiga.

Wiki chache baadaye niliusikia tena wimbo ule, safari hii kwa wasichana wengine nisiowajua, waliovaa mitandio meupe wakisubiri gari Darajani. Kapu lilikuwa limepasuka kama kawaida, pua imekwisha gonga pipa. Lakini kokoriko haikuwepo. Walisema:

Paka akasema: shikamoo!

Nilihesabu palepale, safari hii kwa viganja. PA-ka a-ka-SE-ma shi-ka-MO-o. Nne, nne, mbili, tupu. Mizani kumi. Mmoja akacheka, mkono wake wa kushoto ukabaki hewani, na mwenzake akasema, "Marahaba."