Kahawa yenye mafuta si chakula cha asubuhi

Mwezi uliopita nilipata habari kutoka Mbau, kule wilaya ya Mocimboa da Praia, kwamba mjomba wangu nusura aanguke shambani. Alikuwa amelima kwa saa chache tu asubuhi, mara akaanza kutoka jasho jingi, mikono ikatetemeka, na maneno aliyokuwa akisema hayakuwa na kichwa wala miguu. Jirani alidhani ni malaria imepanda. Mke wake, aliyemfahamu zaidi, aliuliza swali moja tu: "Baba, leo umekula nini?" Jibu likawa: kahawa.

Haikuwa kahawa tupu. Mpwa wake aliyeko Dar es Salaam alikuwa amemtumia video kwenye simu, ya kijana anayeeleza kwa Kiswahili fasaha kwamba anayetaka kupunguza sukari mwilini aache kifungua kinywa na badala yake anywe kahawa iliyochanganywa na siagi au mafuta ya nazi. Siagi Mbau ni bidhaa ya mjini, lakini nazi ipo. Basi mzee akawa anaweka vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya nazi katika kikombe, anakoroga, anakunywa, anakwenda shamba.

Mtindo huu si wa kwetu, ingawa una ndugu zake karibu. Aliyeutangaza zaidi ni Mmarekani Dave Asprey, ambaye husimulia kwamba mwaka 2004 alikunywa chai yenye siagi ya yak huko Tibet na kujisikia ana nguvu. Akaigeuza kuwa kahawa yenye siagi na mafuta maalumu yaliyochujwa kutoka nazi, na biashara ikakua. Watu wa Afrika Mashariki hawakuhitaji kusubiri Tibet. Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya wana buna kalaa: matunda makavu ya kahawa hukaangwa katika samli, na mgeni hupewa kwa heshima. Lakini tazama tofauti. Mfugaji wa Kiborana ana maziwa pembeni, na Mtibeti ana unga wa shayiri wa kula na chai yake. Kwao mafuta yamesindikiza chakula, wala hayakukifukuza.

Video zinadai mambo matatu: kwamba kikombe hiki kinashibisha hadi mchana, kinaamsha akili, na kinayeyusha mafuta ya mwili. La kwanza lina ukweli. Mafuta hukaa tumboni muda mrefu, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya nazi kina takriban kilokalori 120. La pili pia lina ukweli, ila sifa apewe kafeini iliyomo katika kahawa. La tatu ndipo wengi wanapopotoka. Ni kweli kwamba mtu asiyekula wanga huanza kutumia mafuta zaidi kama kuni. Lakini mwili una mafuta aliyoyanywa asubuhi ile ile, na hayo ndiyo huanza kuchomwa. Ukiongeza kilokalori 240 kwa vijiko viwili bila kupunguza kitu kingine, hupungui. Unanenepa kama mtu mwingine yeyote anayekula zaidi ya haja yake.

Kuna jambo lingine wanalolinyamazia. Mafuta ambayo Asprey anayasifu ni yale ya mnyororo wa kati yaliyotenganishwa kiwandani, ambayo ini hulichoma upesi. Mafuta ya nazi tunayokamua nyumbani si hayo. Karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, ambayo mwili huishughulikia kwa sehemu kubwa kama mafuta mazito mengine. Yale mepesi yanayotajwa katika video ni sehemu ndogo tu ya chupa. Kwa hiyo mzee wa Mbau aliahidiwa dawa ya kiwanda, akanywa kitu kingine chenye jina linalofanana.

Na kitu hicho kina gharama yake. Vijiko viwili vina zaidi ya gramu 20 za mafuta yanayoganda, yale yanayopandisha lehemu mbaya katika damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya nguvu zote za siku, yaani takriban gramu 22 kwa mtu anayekula kilokalori 2,000. Kikombe kimoja, kabla hata ya samaki wa mchana na mchuzi wa tui, kimekwisha kula sehemu yote. Protini ndani yake karibu hakuna. Muhogo wa kuchemsha na kipande cha samaki, chakula alichokiacha, vilikuwa vinampa wanga wa kulimia na protini ya kujenga mwili.

Lakini kilichomwangusha mjomba hakikuwa lehemu. Lehemu huua polepole. Yeye ana kisukari na anameza glibenklamidi kila asubuhi. Dawa hii hulisukuma kongosho litoe insulini, ule mwili ukipokea wanga ama usipokee. Ndiyo maana humezwa pamoja na chakula. Asubuhi ile dawa iliingia, insulini ikatoka, lakini muhogo haukuwepo. Mafuta hayageuki kuwa sukari ya damu kwa haraka wala kwa kiasi cha kutosha. Jembe nalo likatumia sukari kidogo iliyobaki. Baada ya saa chache akawa katika hali ile tuliyoiona.

Mkewe alikoroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, akamnywesha taratibu kwa kuwa alikuwa bado anaweza kumeza. Baada ya robo saa jasho lilikauka na akamtambua mkewe vizuri. Ndipo akapewa muhogo, kisha akapelekwa kituo cha afya, kwa sababu dawa hii hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena. Laiti angelipewa kikombe kingine cha kahawa yenye mafuta, tusingekuwa tunasimulia kwa utulivu huu. Na mtu aliyekwisha kupoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni. Apelekwe kwa mganga mara moja.

Sisemi siagi ni sumu. Kijana mwenye afya akiweka kijiko kimoja cha siagi katika kahawa, kisha akala chakula chake kama kawaida, atakuwa ameongeza kilokalori 100 tu na ladha anayoipenda. Lakini anayemeza glibenklamidi au kujidunga insulini asibadilishe kifungua kinywa kabla ya kuzungumza na aliyemwandikia dawa, kwani kipimo cha dawa kilipangwa kwa kufuata chakula. Na mwenye lehemu nyingi ana sababu yake nyingine ya kuuacha mtindo huu.

Tunafurahi kwamba Kiswahili kinavuka Ruvuma bila pasipoti, na ushauri wa Dar unasikika Mbau siku hiyo hiyo. Lakini karatasi iliyomo katika pakiti ya dawa ya mjomba, inayosema imezwe na chakula, imeandikwa kwa Kireno, lugha ambayo yeye hasomi. Ushauri ulimfikia kwa lugha yake, onyo halikumfikia. Wizara za afya za pande zote mbili za mto zingeweza kuliondoa pengo hilo kwa sentensi moja ya Kiswahili kwenye pakiti. Mpwa naye angeweza kuliondoa kwa swali moja kabla ya kutuma video: mjomba, unameza dawa gani?