Buti la ngozi halifi kwa tope, linafia jikoni

Mzazi mwenzangu wa Ngara na Biharamulo, msimu wa mvua unajulikana hata kabla wingu halijakusanyika. Unaona milangoni viatu vimepangwa, vyote vina rangi moja, ile nyekundu ya udongo wetu. Gambuti la mpira ukilimwagia maji kazi imekwisha. Buti la ngozi, liwe jipya au la mtumba, lina masharti yake, na wiki hii tuzungumze juu ya hilo. Jozi iliyotunzwa vizuri humaliza vuli na masika ya mwaka huu, ikamngoja mdogo mtu akue aivae. Isiyotunzwa hupasuka kwenye kunjo la vidole kabla hata masika hayajaisha.

Kinachoua buti hilo mara nyingi si tope lenyewe. Ni ile haraka ya kulianika kando ya mafiga ili likauke kabla ya asubuhi.

Ngozi ni nyuzinyuzi zilizosukana, na katikati yake kuna mafuta yanayozifanya ziteleze mguu unapokunja. Ikilowa, inakuwa dhaifu mbele ya moto kuliko ikiwa kavu. Ukiikausha kwa joto kali, zile nyuzi zinasinyaa na kugandana. Asubuhi unakuta buti limekauka kweli, lakini limekuwa gumu kama ubao. Mtoto akitembea nalo siku chache, mistari inatokea pale vidole vinapokunja, kisha mistari inakuwa nyufa. Gundi ya soli nayo inalegea kwa joto, ndiyo maana soli huanza kubanduka mbele. Ufa wa ngozi hauponi kwa mafuta wala kwa rangi.

Tuchukue mfano wa mtoto wa sekondari huko Rulenge, anayerudi nyumbani Ijumaa saa kumi na moja jioni mabuti yamejaa tope hadi kwenye kamba. Anayahitaji Jumatatu asubuhi. Muda upo wa kutosha kama kila kazi itafanywa kwa zamu yake.

Ijumaa hiyohiyo jioni, tope litoke. Likikaukia pale, chembe za mchanga zinabaki kwenye mishono na kusaga uzi kila mtoto anapopiga hatua. Toa kamba na soli ya ndani. Kwangua tope nene kwa kijiti, kisha futa kwa kitambaa kilicholowa na kukamuliwa, ukichukua muda zaidi kwenye mishono, pembeni mwa ulimi na pale ngozi inapokutana na soli. Usilitumbukize buti kwenye ndoo. Sabuni ya unga iache kwenye nguo, kwa sababu inaondoa mafuta ya ngozi pamoja na uchafu. Tope likikataa, gusa kitambaa kwenye sabuni ya mche kidogo tu, halafu futa tena kwa maji matupu.

Sasa fungua mdomo wa buti, vuta ulimi nje, na jaza ndani magazeti ya zamani yaliyofinyangwa, bila kuyashindilia. Baada ya saa mbili yatakuwa yamelowa, yabadilishe. Badilisha tena kabla ya kulala. Liweke buti kivulini mahali penye hewa, juu ya kipande cha ubao au matofali mawili ili hewa ipite chini ya soli. Lisikae karibu na jiko, wala lisianikwe mchana kwenye jua kali la juu ya bati.

Jumamosi liache lipumzike. Jioni liguse kwa nyuma ya kiganja, maana ngozi yenye maji husikika baridi. Ubaridi ukibaki kidogo tu, huo ndio wakati wa mafuta, kwa kuwa yanaingia vizuri ngozi ikiwa bado na unyevu mdogo. Mafuta ya nyonyo yanafaa. Kijiko kimoja cha chai kinatosha jozi nzima. Paka kwa kitambaa, zaidi kwenye kunjo la vidole na kifundo, kisha baada ya nusu saa futa yaliyobaki juu. Ukizidisha, ngozi inalegea na vumbi linanata. Samli na mafuta ya kupikia tusiyatumie, huchacha na kuacha harufu.

Jumapili, weka gazeti kavu ndani kwa nusu saa. Likitoka kavu, na ngozi haina ubaridi tena, ndipo uzuie maji. Hatua hii hairukwi, kwa sababu nta ikipakwa juu ya ngozi yenye maji inayafungia ndani, na baada ya siku chache utaona kuvu na kusikia harufu.

Kinga yenyewe tunayo karibu. Biharamulo kuna wafugaji wa nyuki, na nta hubaki baada ya asali kukamuliwa. Chukua vijiko viwili vya chakula vya nta safi iliyokunwa, na vijiko vinne vya mafuta ya nyonyo. Weka kwenye kopo, na kopo hilo liingie ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Usiliweke kopo moja kwa moja juu ya moto, maana nta hushika moto. Kazi hii ni ya mtu mzima, na watoto wadogo wakae mbali. Ikitokea ikashika moto, funika kwa mfuniko, usimwagie maji. Nta hiyo huyeyuka kabla maji hayajachemka. Ikishayeyuka koroga, chuja kwa kitambaa kama ina taka, na uache igande. Ikiwa ngumu mno kwa ubaridi wa asubuhi za Ngara, iyeyushe tena uongeze kijiko kimoja cha mafuta.

Kama buti ni jeusi la shule, rangi ya viatu itangulie. Kisha chota nta kwa kidole, ipashe kwa kuisugua kati ya vidole, na uipake tabaka jembamba. Anza na mishono yote na ule mzunguko wa soli, maana matundu ya sindano ndiyo mlango wa maji. Baada ya saa moja sugua kwa kitambaa kikavu.

Pima kwa tone la maji. Likisimama kama shanga na kuteleza, kazi imeshika. Likitandaa na kuacha doa jeusi, rudia hapo. Kipimo hikihiki ndicho kitakachokuambia wiki zijazo kwamba kinga imeisha, huna haja ya kupaka kila Jumapili. Nta ikirundikana, jasho la mguu linakosa pa kutokea.

Kuna mambo ambayo nta haiyawezi. Soli iliyopasuka au kuachia ni kazi ya fundi viatu, tena kabla ya kupaka, kwa sababu gundi haishiki juu ya nta. Buti lenye manyoya laini juu litalala na kuwa na madoa. La ngozi bandia, ambalo ukitazama ukingo uliokatwa unaona kitambaa chini ya ngozi nyembamba ya plastiki, halinywi mafuta. Hilo lifute na ulikaushe tu.

Kazi ya kitambaa na magazeti mwachie mtoto mwenyewe, anaiweza. Wewe baki na kopo la nta, na kila jioni ya mvua tupa jicho pale jikoni uone buti halijasogezwa kwenye mafiga.