Kamera inaona uso, haioni moyo

Ndugu watumikaji wa mini, na ninyi mama wenye munatungojea nyumbani, leo nataka tuzungumuze juu ya kamera.

Katika mukutano mumoja wa madelege hapa Kalemie, muuzaji mumoja alikuja kutuonyesha programu mupya. Alisema kwamba kamera zile zile zenye ziko kwenye lango la mini zitaweza kuonyesha nani iko na hasira, nani iko na woga, nani iko na furaha. Akaomba mutu mumoja akae mbele. Nikaenda mimi. Nilikuwa nasoma karatasi bila miwani yangu, macho nimeyafinya, paji la uso limekunjana. Kwenye ekra ikatokea: hasira, 0,71. Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka sana, juu nilikuwa nafikiri: kama ile namba inaingia katika dosie ya mutu mwenye anaomba kontra yake irudishwe, nani atamutetea?

Tuangalie kwanza namna ile programu inafanya kazi. Video ni picha nyingi zenye kufuatana, karibu 25 kila sekunde. Programu inatafuta uso katika kila picha, inaweka alama kwenye nyusi, macho, pua na pembe za mudomo, kisha inapima namna zile alama zinasogea. Mpaka hapo inapima kitu chenye kuonekana. Ni kisha njo inaruka: inachukua vile vipimo na kuvipatia jina moja kati ya majina machache, mara nyingi saba: hasira, furaha, huzuni, woga, mshangao, karaha, ao hakuna kitu.

Ile 0,71 haisemi kwamba nilikuwa na hasira kwa kiasi fulani. Programu inagawanya kitu kimoja kwa yale majina saba, na hasira ikapata fungu kubwa. Jina «anasoma bila miwani» halimo katika orodha. «Vumbi limemuingia katika macho» halimo. «Anatoka posti ya usiku na jua linamupiga» halimo. Programu haiwezi kujibu kitu chenye haikufundishwa, kwa hiyo inachagua jina lenye kukaribia.

Na ilifundishwa namna gani? Kwa picha zenye watu wengine waliandika majina. Mukusanyo mumoja wenye kujulikana sana unaitwa FER2013, uko na picha 35.887, kila moja ndogo sana. Watu walipopimwa kwa zile picha, walipatana na jina lenye kuandikwa karibu mara 65 kwa 100. Na lile jina lenyewe ni mawazo ya mutu mwenye aliangalia picha. Hakuna mutu aliyeenda kuuliza mwenye uso: wewe, siku ile ulikuwa unasikia nini?

Mwaka 2019, wataalamu watano, mumoja wao Lisa Feldman Barrett, walitoa ripoti kisha kusoma tafiti zaidi ya 1.000 juu ya jambo hili. Waliona kwamba mutu mwenye hasira anakunja uso karibu mara 30 tu kwa 100. Mara zingine ananyamaza, analia, ao hata anacheka. Na watu wanakunja uso pia bila hasira yoyote: wanapofikiri, wanapoumwa tumbo.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme watu 200 wanapita kwenye lango asubui, na 10 kati yao wako na hasira kweli. Kama 30 kwa 100 tu wanakunja uso, kamera itashika 3 na kuacha 7. Wanabaki 190 wenye hawana hasira. Tuseme 10 kwa 100 kati yao wamekunja uso juu ya jua ao usingizi: ni watu 19. Kwenye orodha ya mukubwa kutakuwa majina 22, na wenye hasira ni 3 tu. Hata kama kamera inapima nyusi bila kosa hata moja, ile orodha ni ya uongo. Kosa haliko katika kioo cha kamera. Liko katika mawazo ya kwamba uso na moyo ni kitu kimoja.

Sauti nayo haiko salama. Programu inakata maneno katika vipande vifupi na kupima kama sauti iko juu ao chini, na nguvu, na mbio. Mara nyingi inafundishwa na sauti za waigizaji. Mukusanyo wenye kuitwa RAVDESS, kwa mufano, uko na waigizaji 24 wa Amerika ya Kaskazini wanaosema Kiingereza. Sasa mutu wetu mwenye amefanya miaka karibu na mashini ya kuvunja mawe anasema kwa nguvu hata akiomba chumvi mezani. Na katika Kiluba, kupandisha ao kushusha sauti kunaweza kugeuza maana ya neno. Programu ya namna hii itasikia hasira fasi kuna lugha tu.

Kuna pia jambo la rangi ya ngozi. Mwaka 2018, mutafiti wa Amerika Lauren Rhue alipitisha picha za wachezaji wa basiketi wa NBA katika programu mbili. Moja, Face++, iliwapa weusi hasira zaidi kuliko weupe, hata wakitabasamu sawasawa. Ingine, ya Microsoft, iliwaona kuwa wenye zarau zaidi. Mwaka 2022 Microsoft yenyewe ilitangaza kwamba inaondoa kazi ya kusoma hisia katika programu yake ya nyuso.

Wengine watasema: delege huyu anakataa kila mashini. Hapana. Kamera yenye kuangalia kama dereva wa kamyo kubwa amefunga macho inapima kitu chenye kuonekana, na inaweza kuokoa maisha. Hata sheria ya Ulaya inatenganisha mambo hayo. Tangu tarehe 2 Februari 2025 inakataza kusoma hisia za watu fasi ya kazi, isipokuwa kwa sababu za afya ao usalama, na haihesabu uchovu wala maumivu kuwa hisia. Sisi tuko na Kodi ya Numeriki ya tarehe 13 Machi 2023, yenye kulinda habari za mutu binafsi. Tuifungue, tuisome na mwanasheria.

Kwa hiyo, siku kampani itasema inaleta programu ya hisia, delege aulize kwa maandishi: imefundishwa na nyuso na sauti za nani? Imepimwa kwa watu wenye kaski, vumbi na lugha zetu, na ni nani waliulizwa kweli walisikia nini? Nani ataona namba, na itachungwa muda gani? Na tuweke katika makubaliano kwamba hakuna mutumikaji ataitwa, kukatwa mushahara ao kukosa kontra juu ya namba ya hisia, na kwamba mwenye kuandikwa anaweza kuomba kuona kipande cha video chenye kumusemea.

Kama mukubwa anataka kujua kama watu wake wako na hasira, njia iko, na ni ya zamani: aite madelege, akae chini, aulize, na asikilize jibu.